Stakabadhi ya Mama Mapasa

Siku Huguette Mutale alipojifungua mapasa, jina lake lilibaki palepale kliniki. Ndivyo ilivyo huku, kuanzia Kipushi hadi Kambove: mwanamke akizaa mapacha, yaani mapasa, basi hata mumewe anasahau kumwita Huguette. Kanisani ni Mama Mapasa, sokoni ni Mama Mapasa, na anayemwamkia njiani bila kulitaja jina hilo anaonekana hakulelewa. Heshima hiyo ina raha yake. Huguette aliipokea akiwa na miaka ishirini na mitatu, na sasa, akiwa na arobaini na mmoja, ukimwita kwa jina la kitambulisho atageuka nyuma kutafuta ni nani anayeitwa.

Likumbukeni jambo hilo, kwa sababu watu wa ofisini hawakulikumbuka, na wao ndio wanaolipwa mshahara wa kukumbuka.

Huguette ni mweka hazina wa wanawake ishirini na sita, yeye akiwa mmoja wao, wanaolima mahindi nje ya Kipushi, pale nyumba za mgodi zinapoishia. Mwaka jana walipanda bila mbolea, na wakavuna magunzi ya kuchezea watoto. Mwaka huu wakasema hapana. Kila mmoja alitoa dola mia na ishirini, bei ya mifuko miwili, na msidhani zilitoka kirahisi: zilitoka kwenye nyanya, kwenye makaa, kwenye maandazi ya asubuhi, na mmoja aliuza mlango wa nyuma wa nyumba yake akaziba kwa mbao. Mifuko hamsini na miwili kwa jumla. Dola elfu tatu mia moja na ishirini.

Na kabla ya Huguette kulikuwa na mweka hazina mwingine, ambaye asubuhi moja alivuka mpaka kwenda Zambia na pesa za mbegu, hajarudi mpaka leo. Kwa hiyo wanawake walimpa Huguette pesa zao kwa mkono mmoja, na kwa macho walikuwa bado wamezishika. Hakuwalaumu. Yeye mwenyewe, kama angekuwa upande wa pili, angeshika hivyohivyo.

Depo ya mbolea iko Lubumbashi, na haistahili kutajwa jina. Tangu majambazi walipoivamia getini, depo hiyo haipokei pesa mkononi. Mteja analipa benki, anatuma uthibitisho, mhasibu anaangalia kama pesa zimeingia, ndipo anaandika bon de sortie, karatasi ya kutolea mzigo. Bila karatasi hiyo, yenye saini na muhuri, mwenye ghala hakupi hata mfuko mtupu. Huguette hakuona ubaya wowote katika utaratibu huo. Alifungua akaunti kwa jina lake, maana kikundi hakina hati za kufungulia akaunti, na Jumatatu ya wiki ya tatu ya Novemba akaenda benki, benki ileile ya depo, pesa zifike siku hiyohiyo.

"Motif?" aliuliza binti wa dirishani.

"Njo nini?" Huguette aliuliza, maana huku ndiyo, ndio na ndipo zote ni njo.

"Juu ya nini unalipa, mama. Niandike ku virement, ku karatasi hii."

Huguette aliitazama proforma, ile karatasi ya bei aliyopewa na depo. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, waliandika wenyewe: Mteja, Mama Mapasa. Namba ya proforma ilikuwa chini, ndogo, pembeni.

"Andika Mama Mapasa, engrais," alisema, engrais ikiwa ni mbolea kwa Kifaransa cha benki.

Hilo ndilo kosa lake, na sitamficha. Lakini ni kosa la mtu aliyejiita kama depo yenyewe ilivyomwita.

Alipotoka benki alikaa kwenye ngazi, akapiga picha ile karatasi ya benki yenye muhuri, akaituma kwa simu ya mhasibu wa depo. Chini ya picha aliandika ujumbe kwa Kifaransa cha ofisini, akiutafuta taratibu, neno kwa neno, na kwa Kiswahili ulisema hivi: Bwana, salamu. Leo tumelipa dola 3,120 kwa hawala ya benki, namba ya rejea FT2432307K, kwa ajili ya proforma yenu namba 417, mifuko 52 ya mbolea ya kupandia. Picha ya stakabadhi ya benki ni hii. Tunaomba mtutolee mzigo wetu. Gari litakuja Alhamisi asubuhi. Asante.

Someni tena, mniambie kimekosekana nini. Kiasi kipo. Rejea ipo. Namba ya proforma ipo. Hata asante ipo.

Jumatatu ikapita kimya. Jumanne vile vile. Mvua ilinyesha Kipushi usiku, na asubuhi wanawake walimfuata nyumbani, wawili, kisha wanne, kisha saba, wote wakiwa wamepita tu kumsalimia. Mbolea ile inaingia shimoni pamoja na mbegu. Ukichelewa, mahindi yanachelewa nawe, na mvua haimngojei mtu. Hawakusema hayo. Walisema, "Habari ya Lubumbashi, Mama Mapasa?" na wakakaa kwenye kibaraza muda mrefu kuliko salamu.

Jumatano jioni simu ililia. Mhasibu alikuwa amejibu.

"Bonjour mama. Paiement yenu ya 3.120 ilifika. Merci. Kunabakia 280. Mulipe ile kwanza, njo tutaongea ya marchandise, mizigo yenu."

Aliusoma mara tatu. Akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena, ikazimwa. Mia mbili themanini za nini? Proforma ni elfu tatu mia moja na ishirini, amelipa elfu tatu mia moja na ishirini, na mtoto wa darasa la kwanza akitoa moja kwa nyingine anapata sifuri. Usiku ule Huguette hakula. Gari alikuwa ameshalikodi, la mzee Ngosa, na Papa Ngosa harudishi malipo ya mwanzo hata akifiwa.

Alhamisi saa tatu walikuwa depo. Mhasibu, Symphorien, alikaa nyuma ya kioo chenye tundu, shati limepigwa pasi mpaka kola inasimama yenyewe, kalamu tatu mfukoni. Watu kumi walikuwa wamepanga foleni. Huguette alipofika mbele aliongea kwa upole, kama mtu aliyejiapiza njia nzima kwamba ataongea kwa upole.

"Bonjour, Monsieur Symphorien. Nilikuya kubeba engrais yetu ya Kipushi. Masaki makumi tano na mbili. Preuve de paiement nilikutumia lundi, ile photo ya banque."

"Mama Mapasa?" Hakuinua macho. "Ndiyo, mafalanga iliingia. Ile tulifunga nayo dette yenu. Kunabakia mia mbili makumi nane."

"Dette gani?"

"Yenye mulibeba mu mwezi wa ine, mama. Masaki kwa crédit. Tulikuita mara ngapi? Simu haumukamate."

Aliyasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusema kupitia tunduni, kwa hiyo foleni nzima ilisikia. Mwanamume mmoja nyuma akasema, "Lipa tu mama, shiye tunachelewa." Mwingine akacheka.

Damu ilimpanda Huguette mpaka masikioni. Katika miaka arobaini na mmoja hajawahi kukopa hata chumvi kwa jirani bila kuirudisha kabla chungu hakijaipuliwa. Na leo anaitwa mdaiwa, kwenye foleni, na mtu asiyemtazama usoni.

"Inua macho," alisema.

"Mama?"

"Inua macho uniangalie. Mu mwezi wa ine njo miye nilikuya hapa?"

Symphorien akainua macho. Akamtazama. Kisha akatazama mashine yake, kama mashine ndiyo inayomjua mtu. Akaigeuza kidogo ili Huguette naye aone: Mteja, Mama Mapasa. Deni, 3,400. Malipo, 3,120. Baki, 280.

"Ile haina miye. Si miye ule."

"Lakini njo jina yenu, mama."

"Proforma yangu iko wapi? Numero mia ine kumi na saba! Nilikuandikia mu message!"

"Ma message ziko mingi." Alianza kupanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Na ma photo, bantu banatengenezaka ya bongo. Shiye tunaangaliaka tu relevé ya banque, kama mafalanga iliingia ao hapana."

"Muzuri. Kamata ile relevé yako."

Hapo alikuwa na haki, mhasibu. Picha za uongo za malipo zimejaa mjini, na depo isiyoangalia taarifa ya benki itafungwa kabla ya Krismasi. Lakini kuangalia ni kazi, si kutupa jicho. Alitoa taarifa ya benki ya Jumatatu, kurasa mbili. Huguette alifungua karatasi yake yenye muhuri, akaibandika kwenye kioo, akaisoma herufi moja moja, kwa sauti, kama anayemsomesha: F, T, mbili, nne, tatu, mbili, tatu, sifuri, saba, K. Kidole cha Symphorien kilishuka kwenye ukurasa, kikasimama.

"Iko," alisema polepole. "Njo ile."

"Bei?"

"Elfu tatu mia moja na makumi mbili."

"Na proforma 417 bei yake?"

Alifungua proforma kwenye mashine. Kwa mara ya kwanza, naamini. Akavuta kiti karibu na mashine.

"Sema."

"Elfu tatu mia moja na makumi mbili."

"Sasa unieleze, Monsieur le comptable, uko na masomo kunipita. Muntu eko na dette ya elfu tatu mia ine, atalipa elfu tatu mia moja na makumi mbili, sawasawa na proforma ya muntu mwingine, juu ya nini? Hii sawasawa ilitoka wapi?"

"Motif ku relevé ilisema Mama Mapasa," alisema Symphorien, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo kuliko tundu la kioo. "Mu mashine nikatafuta Mama Mapasa, nikakuta. Nikaweka."

"Mu Lubumbashi hii muzima, ba Mama Mapasa beko ngapi?"

Yule mwanamume wa nyuma, aliyesema lipa tu, akamjibia: "Mu avenue yangu peke yake, beko batatu."

Mngefikiri mambo yameisha hapo. Kosa limeonekana, liko wazi kama jua, futa andika upya, toa mzigo. Lakini Symphorien aliushika mkono wake kwa mkono mwingine, kama anayeuzuia usiandike, akasema hawezi kutoa bon de sortie. Yule Mama Mapasa mwingine, mama Brigitte wa mtaa wa Kenya hapa mjini, tayari alikwishapewa stakabadhi, yenye muhuri, kwamba amelipa elfu tatu mia moja na ishirini. Bosi, anayeishi kule Golf, mtaa wa wenye pesa, na anayekuja kila Ijumaa kukagua, akikuta stakabadhi mbili kwa malipo yaleyale, Symphorien hana kazi.

"Njo vile, mama. Kama unakamata ile reçu kwake, unaniletea, mi nageuza écriture mu mashine leo leo, na masaki unabeba."

Huguette alidhani hajasikia vizuri. "Miye njo niende kuikamata?"

"Uko na gari, mama."

Jamani. Mtu anakosea akiwa amekaa kwenye kiti chenye magurudumu, halafu aliyekosewa ndiye atembee. Huguette alikuwa amelipa. Alikuwa ametuma uthibitisho. Alikuwa ameandika mpaka asante. Amedharauliwa siku tatu, ameitwa mdaiwa mbele ya watu, na sasa anatumwa mjini kama tarishi kwenda kuokota makosa ya mtu mwingine kwa petroli yake mwenyewe. Aliweka viganja vyote viwili kwenye kioo.

"Beba carnet yako ya ma bon de sortie," alisema. "Beba cachet. Tunaenda shiye na weye."

"Mama, siwezi kuacha guichet..."

"Basi na miye siwezi. Nitabakia hapa mbele ya tundu, na ule wa nyuma atanipitia juu ya kichwa."

Foleni, ambayo nusu saa iliyopita ilikuwa ikimcheka, sasa ilikuwa yake. "Enda naye!" walipiga kelele. "Kosa ni yako, enda naye!" Symphorien akachukua kitabu, akachukua muhuri, akatoka kwa mlango wa pembeni kama mtu anayekwenda polisi.

Katika kabini ya gari alikaa katikati, magoti yamebanwa, na mzee Ngosa akibadilisha gia alikuwa anambadilishia gia kwenye paja. Huguette alikuwa na kazi nyingine: alikuwa anapanga maneno ya kumwambia huyo Brigitte. Maana hata yeye si msafi. Mtu anajua hajalipa. Anaambiwa deni lake limelipwa. Anapokea stakabadhi, anafunga mdomo, anakaa nayo. Huyo anaitwaje kama si mwizi? Mpaka wanafika Kenya, Huguette alikuwa na maneno ya kutosha kumvua mtu nguo.

Nyumba ilikuwa nyuma ya soko. Waliisikia kabla ya kuiona. Wanawake walikuwa wanaimba zile nyimbo za mapasa, zenye maneno ambayo siku nyingine hayasemwi mbele ya wakwe, na kucheka katikati. Uani kulikuwa na manyoya ya kuku, sufuria tatu mekoni, na viti vya kuazima. Huguette aliingia akiwa amejifunga kitambaa kiunoni, tayari kwa vita.

Mama mmoja mnene wa miaka sitini, uso umepakwa pemba, ile chokaa nyeupe ya furaha, aligeuka akamwona Symphorien nyuma ya Huguette. Akaachia mwiko.

"Monsieur Symphorien! Bamama, mukuye muone! Njo ule muntu aliniletea habari!"

Vigelegele vilipanda. Walimshika Symphorien mikono, wakamkalisha kwenye kiti chenye kitambaa, wakamwekea chupa ya kinywaji mkononi. Alikaa kama aliyemwagiwa saruji miguuni. Brigitte akamgeukia Huguette.

"Na weye, mama, uko nani?"

"Miye..." Maneno yote aliyoyapanga yalikuwa yamekaa mlangoni mwa kinywa, na hakuna hata moja lililotaka kutoka la kwanza. "Miye ni Mama Mapasa wa Kipushi."

"Mapasa! Kumbe muko dada yangu!" Brigitte alichovya kidole kwenye kikombe cha pemba akampaka Huguette kwenye paji la uso, mstari mmoja mpana, bila kuomba ruhusa, kama inavyofanyika kati ya mama wa mapasa na mwenzake. "Ukuye ufurahi na miye. Mutoto yangu eko muzima."

Kisha akamshika mkono akamwingiza ndani, kumwonyesha.

Ukutani kulikuwa na picha ya vijana wawili wanaofanana, na chini ya picha, kwenye mfuko wa nailoni dhidi ya moshi, imepigiliwa kwa misumari midogo minne, ilikuwa stakabadhi ya depo. Elfu tatu mia moja na ishirini. Muhuri.

"Huyu Guelor, eko Kolwezi, anaendesha camion," alisema Brigitte akigusa picha. "Na huyu njo Caleb. Dette ya depo ilinishinda mu mwezi wa tano, engrais ya bustani haikuuzwa. Caleb akaniambia, mama, usilie, mi naenda Kambove kuchimba, ile dette nitalipa miye. Akaenda. Mu mwezi wa nane shimo moja ikaangukia bantu kule. Simu yake ikakufa tangu siku ile. Bantu bananiambia, Mama Mapasa, weka matanga, ulie mutoto yako. Nikakatala. Sikuona maiti, nitalia nini?" Alifuta jicho kwa mgongo wa mkono, pemba ikachanganyika na maji. "Mardi njo Monsieur Symphorien alinipigia simu. Mama, dette yenu balilipa ku banque. Nikamuuliza, nani? Akaniambia, nani mwingine, si mutoto yenu."

Huguette aligeuka. Symphorien alikuwa amesimama mlangoni, chupa bado mkononi.

"Ulisema vile?"

"Nilisema tu... ni maneno ya kusema, mama. Aliniuliza. Sikujua."

"Haukujua. Na ukasema."

Hapo ndipo hasira ya Huguette ilipogeuka mahali pake pa kweli. Siku tatu alikuwa amekasirika kwa ajili ya mifuko. Mifuko ni mifuko. Lakini mtu huyu, kwa uvivu wa kutofungua ujumbe mmoja, kwa uvivu wa kutolinganisha namba moja na nyingine, alikuwa amechukua pesa za wanawake ishirini na sita akamtengenezea mama huyu mtoto aliye hai. Na sasa alisimama hapo akimtazama Huguette, akingoja yeye ndiye aseme.

Nyimbo uani ziliendelea. Symphorien alitazama viatu vyake vilivyopigwa rangi.

"Hautasema?" Huguette aliuliza.

Basi Huguette akasema mwenyewe. Alimkalisha Brigitte kitandani, akatoa karatasi yake ya benki, akaiweka mapajani mwake, na kwa upole ambao hakujua bado anao akamweleza: sisi wawili tunaitwa jina moja, yaya, dada yangu mukubwa, nilituma mafalanga juu ya engrais ya shamba yetu, ofisi ikaandika ku jina yenu. Akamwonyesha namba. Brigitte hakusoma vizuri, lakini namba kila mfanyabiashara anazijua. Alisimama, akaitazama ya ukutani, akarudi kuitazama ya mapajani.

"Ile namba," aliuliza, na alimuuliza Symphorien, si Huguette, "inaonyesha kwenye mafalanga ilitoka?"

"Inaonyesha, mama."

"Ilitoka wapi?"

"Compte ya Mutale Huguette. Kipushi."

"Haina Kambove?"

"Haina, mama."

"Angalia muzuri."

"Niliangalia, mama."

"Angalia tena. Weye njo uko na masomo."

Symphorien alichukua karatasi, akaiangalia tena, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya, na ilikuwa ni mara ya kwanza wiki ile kuangalia jambo mara mbili. "Haina," alisema.

Brigitte aling'oa misumari mwenyewe, mmoja mmoja, kwa kucha. Aliitoa stakabadhi kwenye nailoni, akaikunja, akampa Huguette, si mhasibu. "Kamata, dada. Ni yako." Kisha akavua kitambaa cha kichwa, akatoka uani vile, nywele wazi, uso mweupe. Wimbo ukakatika katikati ya neno. Halafu ikasikika sauti moja tu, ndefu, ile ambayo kila mtu anaijua, na baada ya muda wa kupumua wanawake wengine wote wakaidaka.

"Andika," alisema Huguette ndani.

"Mama, tungoje kidogo, siyo saa ya..."

"Andika bon yangu. Sasa. Na jina yangu yote, ile ya kitambulisho, ya carte d'électeur."

Symphorien aliandika mezani, chini ya matundu manne ya misumari yaliyobaki ukutani. Mifuko hamsini na miwili, proforma 417, rejea FT2432307K, Mutale Bwalya Huguette, saini, muhuri. Alifuta stakabadhi ya zamani kwa mistari miwili na kuitia sahihi. Aliandika vizuri, kumbe anajua. Kisha akafunga kitabu, akanyanyuka.

"Unaenda wapi?" Huguette alimuuliza.

"Ku gari. Tunarudia depo."

"Miye njo narudia depo. Weye unabakia."

"Mama, nitafanya nini hapa?"

"Ulimufufua mutoto ya bantu kwa simu, umekaa ku kiti. Sasa kaa pale inje na bale bamama. Ukae mpaka bamalize kulia."

Huguette alipopita uani aliinama, akamshika Brigitte mabega, akakaa hivyo kwa muda. Nyuma yake Symphorien alikuwa amesimama na chupa yake. Mama mmoja akamsogezea kiti kwa mguu. Akakaa.

Depo walimtolea mzigo kwa robo saa. Mwenye ghala alisoma karatasi, akauliza kwa sauti, "Mutale Bwalya Huguette ni nani?" na Huguette alichelewa kidogo kuitika. Alihesabu mifuko mwenyewe, yote hamsini na miwili, mkono juu ya kila mmoja.

Walifika Kipushi saa kumi. Wanawake walikuwa wamejipanga barabarani tangu adhuhuri, na walipouona mzigo juu ya gari walikimbia kandokando ya magurudumu wakipiga makofi, wakimwita, wote ishirini na watano kwa pamoja: "Mama Mapasa! Mama Mapasa!" Mzee Ngosa alipiga honi. Huguette alijitazama kwenye kioo cha gari, akaona ule mstari mweupe wa furaha ya Brigitte bado upo kwenye paji la uso. Aliufuta kwa kitambaa, taratibu, mpaka ukaisha, ndipo akafungua mlango ashuke.